Kwa nini aliyeshindwa mara nyingi haondoki hata mlango ukiwa wazi?

Kwa nini mtu akishindwa mara nyingi huacha kabisa kujaribu, hata pale ambapo sasa angeweza?

Kwa sababu ubongo wake umekosa ushahidi kwamba anachofanya kinabadilisha kinachompata. Na ushahidi huo hauji kwa kuambiwa.

Hili lilianza kuonekana vizuri katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, miaka ya 1960. Mwaka 1967 wanasaikolojia Martin Seligman na Steven Maier waliwafunga mbwa mikanda na kuwapiga shoti za umeme, majaribio ya kikatili ambayo leo yasingeruhusiwa kirahisi. Mbwa wa kundi la kwanza aliweza kuizima shoti kwa kusukuma kibao kwa kichwa. Wa kundi la pili alipata shoti zilezile, kwa muda uleule, ila kibao chake hakikuzima chochote. Kundi la tatu halikuguswa. Kesho yake wote waliwekwa kwenye sanduku lenye kizuizi kifupi katikati, ukiruka, umeokoka. Kundi la kwanza na la tatu waliruka. Katika mbwa wanane wa kundi la pili, sita walishindwa karibu kila mara. Walilala chini wakalia, wakingoja shoti iishe. Maumivu yalikuwa sawa na ya kundi la kwanza, kwa hiyo si maumivu yaliyowalegeza. Kilichowalegeza ni kwamba walijitahidi na juhudi yao haikubadilisha kitu.

Sehemu inayonigusa zaidi ni ya mwaka uliofuata, walipotafuta dawa. Waliwaita mbwa waje upande salama, hawakuja. Waliondoa kizuizi chenyewe, hata nyama wakaitupa upande wa pili, wapi! Kilichosaidia ni kuwafunga kamba na kuwavuta hadi upande usio na umeme, tena na tena. Ilichukua kati ya mara 20 na 50, na kadiri walivyovutwa ndivyo kamba ilivyozidi kuwa nyepesi, mpaka mbwa akaanza kuvuka mwenyewe.

Baada ya karibu miaka hamsini, mwaka 2016, Maier na Seligman waliandika kwamba nadharia yao ya awali ilikuwa imepinduka kichwa chini. Kulegea mbele ya taabu ndefu hakufunzwi. Ndiyo tabia ya asili ya ubongo. Kundi la seli kwenye shina la ubongo humwaga kemikali iitwayo serotonini, na mwili unazubaa. Kinachofunzwa ni udhibiti: sehemu ya mbele ya ubongo ikigundua kwamba kitendo changu kimezima taabu, hulituliza lile kundi la seli. Ndiyo maana ushindi mdogo wenye matokeo ya kuonekana unafanya kazi ambayo hotuba haiwezi.

Lakini si kila ushindi. Mwaka 1975 mwanasaikolojia Carol Dweck aliwachukua watoto 12 waliokuwa wakikata tamaa mara tu wakikosa hesabu. Nusu walipewa kazi wanazoziweza, wakafaulu kila siku. Nusu nyingine walifaulu pia, ila mara chache waliwekewa kazi ya kuwashinda, kisha wakaelezwa kwamba walihitaji kuongeza juhudi. Mwishoni, waliozoea kufaulu tu walianguka tena walipokosa. Wale wengine waliendelea.

Chukua mwanafunzi wa kidato cha pili anayeacha karatasi ya hesabu tupu. Usimwambie anaweza. Mpe 3(x + 2) = 21 na umwombe mstari mmoja tu, kufungua mabano. Akiandika 3x + 2 = 21, mwache amalize, atapata x = 19/3. Kisha airudishe mwenyewe kwenye swali: inatoka 25, siyo 21. Sasa atafute ni mstari upi uliokosea. Akiona kwamba 3 haikuizidisha 2, ataandika 3x + 6 = 21, apate 5, na akihakiki itatoka 21. Kukosa kumekuwa na sababu, na sababu hiyo ameiondoa kwa mkono wake. Ukimwonyesha wewe kosa lilipo, ushindi unakuwa wako.

Njia hii ina mpaka. Kama kizuizi ni cha kweli, mfano mwalimu wa somo hayupo mwaka mzima, mtoto hana unyonge kama wa wale mbwa; anasoma hali ilivyo, na kinachotakiwa ni mwalimu. Na mtu aliyepoteza usingizi, hamu ya kula na hamu ya kuishi anahitaji kuonwa na daktari haraka, siyo kupewa mazoezi.

Kwa yule mwanafunzi, usipime maendeleo kwa alama za wiki ya kwanza. Tazama anafanya nini jibu lisipotoka: akifunga daftari, punguza ukubwa wa hatua, akirudi mstari wa pili bila kuambiwa, mwongezee swali.