Vipande 1,100 kwa siku, vya nini?

Wiki hii nimeletewa tena rundo la wasifu wa mafundi cherehani wanaoomba kazi likiwa limepangwa kwa idadi ya vipande. Mwenye 1,100 kwa siku yuko juu, mwenye 270 katikati, na chini kabisa, akiwa amekwaruzwa kwa kalamu nyekundu, yuko fundi wa mtaani aliyeandika kwa unyoofu wake: "Nashona suruali nne kwa siku." Binti aliyepanga ni mchapakazi na hana nia mbaya. Lakini mara hii ni ya tatu tangu mwaka uanze, na kila mara tunampoteza mtu tuliyemhitaji. Kwa hiyo naandika, ili nikiulizwa tena niwe na cha kumtumia mtu asome.

Kazi yenyewe ilitangazwa kwa ajili ya kiwanda cha suruali za jinzi hapa Athi River, ndani ya EPZ, eneo la viwanda vinavyouza bidhaa nje ya nchi. Tangazo lilisema: opereta, awe anajua sindano moja, sindano mbili na ovaloki ya nyuzi 5, ajue kusoma patani, ufanisi usiopungua asilimia 65. Ni mistari miwili tu, na kila neno humo lina maana yake mahususi.

Tuanze na hiyo idadi, maana ndiyo inayoniudhi zaidi. Kwenye laini ya kiwanda hakuna mtu anayeshona suruali nzima. Kuna anayeweka mfuko wa nyuma, kuna wa zipu, kuna wa belti ya kiuno, kuna wa pindo. Kila kazi ina dakika zake, tunaziita SAM, yaani muda ambao opereta aliyezoea anapaswa kuutumia kwa kipande kimoja, ukiwa umeshajumlishwa na nafasi ya kupumua na kubadilisha bobini. Vipande bila dakika hizo ni sawa na kuambiwa mtu ana mifuko kumi bila kujua kama ni ya saruji au ya pamba.

Sasa chukua wale wawili wa juu. Huyu wa 1,100 alikuwa akishona lebo kiunoni. Kwetu lebo ile ina SAM ya 0.25. Zidisha: 1,100 mara 0.25 ni dakika 275 za kazi. Siku ya saa nane ina dakika 480. Gawanya, unapata ufanisi wa asilimia 57. Huyu wa 270 alikuwa akiweka mifuko ya nyuma, miwili kwa kila suruali, SAM 1.2 kwa jozi. Mara 270 ni dakika 324, na ukigawanya kwa 480 unapata karibu asilimia 68. Aliyekuwa katikati ya rundo ndiye aliyefikia tangazo, na aliyekuwa juu hakufikia.

Hesabu hiyo haichukui hata dakika moja. Kinachochukua muda ni kupata jina la kazi, kwa sababu watu hawaliandiki. Wasifu ukisema "vipande 1,100 kwa siku" na kunyamaza hapo, mimi sipangi chochote. Napiga simu na kuuliza: ulikuwa unashona nini, na ulikuwa unapokea bando, yaani fungu la vipande, ikiwa imeshafanywa nini? Aliyeifanya kazi kweli hujibu papo hapo. Atakwambia sindano ilikuwa namba 18 kwa sababu jinzi ilikuwa nzito, na kwamba pembe ya mfuko ndiyo iliyokuwa ikirudishwa na watu wa ubora.

Na hapa lazima niseme jambo ambalo vitabu hulipita kimya. Ile 1.2 yangu si msahafu. Kiwanda jirani kinaweza kuipa kazi ileile ya mifuko dakika 1.0, kwa sababu mashine yao inakata uzi yenyewe, au kwa sababu aliyepima alikuwa mkali. Kwa SAM ya 1.0, yule dada wa 270 anashuka hadi asilimia 56 bila kupunguza hata mfuko mmoja. Ndiyo maana wasifu unaojigamba kwa ufanisi wa asilimia 90 bila vipande wala jina la kazi hunipa mashaka kuliko ule wenye vipande. Asilimia imeshapikwa jikoni kwa mtu mwingine. Vipande na jina la kazi naweza kuvipika upya jikoni kwangu.

Kwenye mashine nitakwenda haraka, isipokuwa sehemu mbili. Ya kwanza ni neno "ovaloki". Ovaloki ya nyuzi 3 inafunga ukingo wa kitambaa usichambuke, basi. Ya nyuzi 4 inaunganisha fulana na vitambaa vinavyovutika. Ya nyuzi 5 inaunganisha na kufunga ukingo kwa mara moja, na ndiyo inayofunga mshono wa ndani wa nguo za kitambaa kisichovutika, kama suruali. Mtu aliyetumia ya nyuzi 3 miaka kumi hajawahi kuunganisha nguo kwa ovaloki, alikuwa akisafisha kingo tu. Atajifunza, lakini usimhesabie kama anajua.

Ya pili ni "sindano mbili". Ipo ambayo sindano zake zimefungwa pamoja, na ukifika kwenye pembe ya mfuko huwezi kugeuka nayo vizuri, kwa sababu sindano ya ndani inapaswa kusimama wakati ya nje inazunguka. Na ipo ambayo sindano moja huzimwa peke yake kwenye pembe, kisha ikarudishwa. Aliyezoea ya kwanza anaweza kuwa hodari wa mishono mirefu iliyonyooka na asiwe amewahi kugeuza pembe. Kwa kazi ya mifuko, swali ni moja tu: kwenye pembe ulikuwa unafanyaje?

Sasa nirudi kwa mzee wa suruali nne. Watu huona saa nane kwa suruali nne, yaani dakika 120 kwa moja, wakacheka. Lakini humo ndani mna kupima mteja, kuchora, kukata, kubadilisha uzi, kupiga pasi, na kuongea na mama aliyefuata gauni lake la Jumamosi. Hizo 120 huwezi kuzigawanya kwa SAM yoyote ukapata ufanisi wenye maana. Idadi yake haimwangushi wala haimpandishi, ni ya kuwekwa kando. Kinachosomwa kwenye wasifu wa namna hii ni mashine na patani.

Mashine zake: cherehani ya miguu, na ovaloki ndogo. Nilipompigia nikamuuliza, "Mzee, hiyo ovaloki yako ina nyuzi ngapi?" Akajibu, "Tatu, mwanangu. Ni ya kuzuia kitambaa kisichambuke tu." Nikamwekea alama nzuri kwa jibu hilo, kwa sababu hakunidanganya na alijua mashine yake inafanya nini.

Patani, yaani kiolezo cha kukatia kitambaa, ndipo panapochanganya watu wengi. Yeye ameandika "nachora patani zote" na tangazo linasema "ajue kusoma patani". Yanafanana kwa sikio, lakini ni ujuzi wa aina mbili tofauti. Opereta wa laini hachori kitu. Anachotakiwa ni kutambua vichanjo vilivyokatwa ukingoni, avikutanishe, na ajue kama vipande viwili havilingani urefu ni kosa la mkataji au kimoja kimepangwa kuvutwa kidogo. Fundi huyu anachora kwa chaki moja kwa moja juu ya kitambaa, kwa vipimo vya mtu mmoja aliyesimama mbele yake. Patani ya kiwanda ni ya saizi ya msingi, kisha inapandishwa na kushushwa kwa saizi nyingine zote, na imebeba ndani yake hesabu ya kitambaa kusinyaa.

Hapo kwenye kusinyaa nilimuuliza swali ninalolipenda: kitambaa kinachopungua kikioshwa, wewe unafanyaje? Akasema analoweka kwanza, anaanika, ndipo akate. Ni jibu sahihi kabisa kwa duka lake. Kiwandani hatuloweki robota, tunaongeza kwenye patani. Mguu ukitakiwa uwe sentimita 80 baada ya kuoshwa, na kitambaa kinapungua asilimia 5, unagawanya 80 kwa 0.95, unapata 84.2. Wengi huongeza asilimia 5 ya 80 wakapata 84, na suruali inatoka fupi kwa milimita mbili. Nilimweleza kwa simu, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe inapungua kutoka kwenye ile ndefu, si kutoka kwenye ile fupi." Nimewahi kulirudia jambo hilo mara nne kwa mtu mwenye cheti.

Nikamwita kwa jaribio. Mashine ya umeme ya sindano moja, yenye kasi ambayo hajawahi kuikanyaga, na bando ya mifuko iliyokwisha kupigwa pasi na kutiwa alama. Nilimpa dakika 15. Suruali ya kwanza ilimchukua dakika 4 kamili, kwa sababu alikuwa akikanyaga pedali kwa kubembea kama ya nyumbani na mashine ikimruka. Kisha 2:50, 2:20, 2:05, 1:55, na ya sita 1:50. Kwa jumla, suruali 6 mara 1.2 ni dakika 7.2 kati ya 15, asilimia 48. Ukiandika hilo peke yake, ameshindwa. Lakini ile ya sita, 1.2 kwa 1.83, ni asilimia 65 juu kidogo, na pembe zake zilikuwa safi kuliko za watu niliowaajiri.

Sitaki kulikuza. Kipande kimoja kwa kasi hiyo si siku nzima kwa kasi hiyo, na mchana miguu huchoka. Jaribio la dakika 15 nalo linapima woga pamoja na ujuzi, na miaka yote hii sijapata njia ya kuvitenganisha. Nimewahi kumwamini mtu kwa mteremko wa dakika wa namna hii, akakwama kwenye asilimia 50 kwa miezi miwili. Hata hivyo nautazama mteremko kuliko jumla, kwa sababu jumla inabeba ile suruali ya kwanza, na ile ya kwanza inasema tu kwamba mashine ni ngeni.

Dada wa mifuko anaanza Jumatatu kwenye laini. Wa lebo nimemwomba aje ajaribiwe zipu, maana mikono ipo na hakuwahi kupewa kazi nzito. Wasifu wa mzee nimeufuta wino mwekundu kadiri ulivyofutika, nikaandika juu yake "chumba cha sampuli", ambako mtu mmoja hushona suruali nzima kuanzia mwanzo hadi mwisho, na ambako nafasi ipo wazi tangu Februari kwa sababu hatukuitangaza kwa maneno ambayo fundi kama yeye angejitambua.