Ushuru na kwota: bei moja, mifuko tofauti

Mama anayekaanga maandazi mtaani kwetu Ngamiani, Tanga, hununua sukari kilo mbili kila jioni kwa kazi ya kesho yake. Bei ikipanda, hapandishi bei ya andazi, analipunguza unene. Nilipomuuliza kama anajua sukari imepanda kwa sababu ya ushuru au ya vibali, alicheka: "Mwanangu, mie najua kilo ni shilingi ngapi tu." Kwake yeye ni sawa kabisa. Kwa nchi si sawa.

Ushuru wa forodha ni fedha inayotozwa kwenye mzigo unaoingia, na anayelipa anaingiza kiasi atakacho. Kwota ni kinyume chake: serikali hupanga tani ziingie ngapi, hugawa vibali, bei ikajipange yenyewe.

Tufanye hesabu ya kubuni. Sukari ya nje inafika bandarini kwa shilingi 2,000 kwa kilo. Pasipo kizuizi, wateja wananunua tani 100 kwa mwezi, viwanda vya nchini vinatoa 40, na 60 zinatoka nje. Sasa weka ushuru wa shilingi 500. Bei inakuwa 2,500, wateja wanashuka hadi tani 85, viwanda vinapanda hadi 55, zinazoingia zinabaki 30.

Wanunuzi wamepoteza jumla ya shilingi milioni 46.25. Fedha hiyo imekwenda wapi? Milioni 23.75 ni faida ya ziada ya wenye viwanda na wakulima wa miwa. Milioni 15 ni za hazina, yaani tani 30 mara shilingi 500 kwa kila kilo. Zinabaki milioni 7.5 ambazo hazikuingia mfuko wa mtu yeyote.

Hizo 7.5 ndizo wachumi wanazozisaka, nami naziita hasara isiyo na mrithi. Nusu yake inatokana na zile tani 15 zilizoacha kununuliwa. Kuna mtu alikuwa radhi kulipa 2,300 kwa kitu kinachoigharimu nchi 2,000, akaondoka dukani mikono mitupu. Nusu ya pili ni tani 15 ambazo viwanda vimeongeza kwa gharama inayopanda kutoka 2,000 kuelekea 2,500. Dizeli na vibarua vimetumika kutengeneza kitu ambacho meli ingekileta kwa 2,000.

Ondoa ushuru, weka kwota ya tani 30. Bei inakuwa 2,500 ileile, andazi linapungua vilevile, viwanda vinapata kilekile, na zile milioni 7.5 zinapotea kama mwanzo. Kilichohama ni zile milioni 15. Mwenye kibali ananunua kwa 2,000 na kuuza kwa 2,500, hazina haioni kitu. Serikali ikipiga mnada vibali, itazirudisha karibu zote. Ikivigawa bure, ni zawadi. Na kibali kikishikwa na muuzaji wa nje, fedha hiyo inavuka bahari, na hasara ya nchi inakuwa milioni 22.5 badala ya 7.5. Marekani iliyaona haya mwaka 1981, Japani ilipokubali kujiwekea kikomo cha magari inayouza huko: magari yalipanda bei, na kampuni za Kijapani ndizo zilizovuna tofauti hiyo.

Kuna uvujaji mwingine ambao hesabu yangu haiuonyeshi. Kibali chenye faida ya milioni 15 kitagombaniwa. Watu watakodi maghala wasiyoyahitaji ili waonekane wakubwa, watashinda kwenye korido za ofisi, watatoa bahasha. Mchumi Anne Krueger aliandika juu ya hili mwaka 1974, akitazama leseni za uagizaji India na Uturuki: nguvu inayotumika kuwania kibali nayo ni hasara. Ushuru nao si malaika. Ukiwa mkubwa mno, majahazi ya magendo hupata kazi usiku.

Lakini tofauti ninayoiona nzito zaidi hujitokeza mahitaji yakibadilika. Ramadhani inaingia, uji na tambi za sukari kila nyumba, wateja wanataka tani 12 zaidi kwa bei yoyote ile. Chini ya ushuru, waagizaji wanaleta tani 42 badala ya 30, bei inakaa 2,500, na hazina inapata milioni 21. Chini ya kwota meli haiwezi kuongeza hata gunia. Bei inapanda mpaka wateja wengine waachie na viwanda vijikamue zaidi, na kwa hesabu yetu inatulia kwenye 2,700. Mwenye kibali, bila kuongeza kilo moja, sasa anapata milioni 21. Ile hasara isiyo na mrithi imetoka 7.5 hadi 14.7, karibu mara mbili, wakati chini ya ushuru imebaki palepale.

Mama wa maandazi jioni hiyo atanunua kilo moja na nusu.