Ujumbe wenye herufi zilizovurugika: namna ya kuusoma na kuujibu

Makala haya ni ya wauzaji wa maduka ya dawa na wahudumu wa vituo vya afya wanaopokea maombi ya wateja kwa simu. Tuseme ujumbe huu umeingia katika duka la dawa mjini Masaka, Uganda:

"Hsbari ddada nsombba unitumir dawa yz presha vidonge 330 kwa bodabbida"

Wengi wakiupata huufuta, au humjibu mtu kwa ukali: "Andika vizuri." Kumbe aliyeandika anajua kuandika na hajalewa. Mkono wake unatetemeka. Kuna mtetemeko ambao huzidi pale mkono unapofanya kazi, kwa hiyo kidole huyumba zaidi kadiri kinavyokaribia herufi. Mwenye ugonjwa wa Parkinson mara nyingi hutetemeka mkono ukiwa umepumzika, lakini vidole vyake ni vizito na vigumu, navyo hukosea shabaha. Akili ya kupanga sentensi iko pale pale, na ndiyo maana ujumbe unasomeka.

Uutazame tena polepole. Makosa yake ni ya aina mbili tu. Ya kwanza ni herufi iliyoguswa mara mbili: "ddada", "nsombba". Ya pili ni herufi jirani: kwenye kibodi, s iko ubavuni mwa a, z iko chini yake, r imepakana na e, na i imepakana na o. Kwa hiyo "nsombba" ni naomba, "unitumir" ni unitumie, "yz" ni ya, na "bodabbida" ni bodaboda. Ukitaka uhakika, weka kibodi ya simu yako mbele ya macho na ulinganishe.

Simu ndogo ya vitufe huvuruga kwa namna nyingine. Huko, mguso wa ziada hauongezi herufi, unaisogeza mbele: a inakuwa b, n inakuwa o. Neno "naomba" linaweza kufika likiwa "oaomca", na hapo kuangalia majirani hakukusaidii. Rudi nyuma herufi moja ndani ya kitufe kilekile.

Neno ukilikisia vibaya, sentensi itakusahihisha. Tarakimu haina wa kuisahihisha. Hiyo "330" huenda ni 30, kwa kuwa mwandishi huyu anarudiarudia miguso, lakini huenda pia ni 33, au kweli ni 330. Usikisie idadi ya vidonge, kiasi cha shilingi wala namba ya simu. Namba ya simu ya mkononi ya Uganda inayoanza na 0 ina tarakimu 10. Ukihesabu 11, moja imeingia kwa bahati mbaya, ila huwezi kujua ni ipi mpaka uulize.

Uliza jambo moja kwa wakati mmoja, na jibu lake liwe mguso mmoja: "Habari mzee, nimeelewa unaomba dawa ya presha. Ni vidonge 30? Jibu 1 kama ndiyo, 0 kama siyo." Watu hupenda kuandika "N kwa ndiyo, H kwa hapana", na hapo wanamtegea mtego, maana N na H zimepakana. Hata 1 na 2 zimepakana. 1 na 0 ziko mbali. Akijibu "11", ni ndiyo. Kisha mpe muda. Ukituma swali la pili kabla hajajibu la kwanza, hutajua jibu ni la lipi.

Usimrudishie maneno yake ukiwa umeyasahihisha, wala usimpigie mwanawe kuuliza "mzee anataka nini" bila yeye kuridhia. Ibara ya 35 ya Katiba ya Uganda inawapa watu wenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na ya utu wao. Ujumbe wa sauti nao usiwe sharti, kwa sababu Parkinson huweza kuififisha sauti pia. Muulize anapenda njia ipi.

Akitaka msaada wa simu yenyewe, nyingi za Samsung zina mpangilio wa `Ignore repeated touches` ndani ya `Accessibility`, unaopuuza mguso unaorudiwa ndani ya muda uliowekwa. Aanze na muda mfupi. Akiuweka mrefu mno, simu itameza hata sifuri za kweli katika 5000.

Kuna hali moja ambayo si ya kusubiri. Mteja anayeandika safi siku zote, ghafla leo maneno yake hayashikani hata ukiyasoma kwa njia zote mbili: mpigie papo hapo. Ulimi ukiwa mzito, uso umepinda au mkono mmoja umelegea, huenda ni kiharusi, na apelekwe hospitali bila kungoja. Kama ana kisukari, anatoka jasho na amechanganyikiwa, sukari yake huenda imeshuka. Akiwa anaweza kumeza, aliye naye ampe soda yenye sukari au maji ya sukari, na wakati huohuo usafiri utafutwe.