Mshahara wako unatoka mfuko gani?

Anayetafuta mahali pa kukaa kazini miaka ishirini huulizia kwanza kiwango cha mshahara. Sisi tunaoshauri watu kuhusu ajira tungependa aulize pia mshahara huo unatoka mfuko gani, kwa sababu mfuko ukikauka ndipo waajiri hutofautiana.

Chukua mhasibu wa shirika lisilo la faida. Mkataba wake unasema ajira ya kudumu, lakini kwenye bajeti asilimia 60 ya mshahara wake hulipwa na mradi wa maji na 40 na mradi wa lishe. Mradi wa maji ukifungwa, vitabu vya hesabu bado vinamsubiri, ila fedha za kumlipa hazipo. Shirika lenye akiba isiyofungwa na masharti ya mfadhili litaziba pengo hadi ruzuku nyingine ipatikane. Lisilo nayo litamwachisha, hata awe hodari namna gani. Dalili zake zimo kwenye taarifa ya fedha iliyokaguliwa: tafuta fedha zisizo na masharti, uzigawe kwa matumizi ya mwezi mmoja. Ukipata mwezi mmoja au pungufu, jua ajira hiyo haina urefu kuliko miradi yake.

Mhasibu huyohuyo akiwa mtumishi wa umma, nafasi yake imo kwenye ikama, yaani orodha ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa, hivyo mradi mmoja ukiisha haumgusi sana. Kinachomchosha ni foleni: anaweza kutimiza vigezo vya kupanda daraja akasubiri miaka kwa kuwa aliye juu yake hajastaafu. Na pale pensheni inapokokotolewa kwa mshahara wa mwisho na miaka ya utumishi, anayeondoka katikati hupoteza kuliko anavyodhani, maana miaka yake yote hupimwa kwa mshahara mdogo wa siku ile.

Kampuni binafsi hupandisha mtu haraka biashara inapokua, na hupunguza watu haraka ikiyumba au ikinunuliwa. Hapo soma kifungu cha malipo ya kuachishwa kabla ya kusaini.

Ushirika ndio watu huufikiria mwisho, na kwa maoni yangu ndio wenye mengi ya kujifunza. Mwanachama ana kura moja hata mtaji wake uwe mkubwa kiasi gani. Mwajiriwa tu hana kura. Kampuni ya vyombo vya umeme vya nyumbani ya Fagor, iliyokuwa ndani ya kundi la vyama vya ushirika la Mondragon nchini Hispania, ilifilisika mwaka 2013. Wanachama wake wengi walihamishiwa kwenye vyama vingine vya kundi hilo, na wengine wakastaafu mapema. Wafanyakazi wasio wanachama hawakuwa na kinga hiyo. Lakini wanachama nao walipoteza mtaji waliokuwa wameuweka humo. Kwa hiyo ukiitwa kazini kwenye ushirika, uliza utaingia kama nani, baada ya muda gani utaruhusiwa kuomba uanachama, na mtaji wako utarudishwaje ukiondoka.