Gustar: kitenzi cha Kihispania kinachokwenda kama "kichwa kinaniuma"

Rafiki yangu mmoja, kiongozi wa watalii Arusha, alimaliza safari ya siku nne na familia kutoka Hispania. Akawasindikiza hadi uwanja wa ndege, na jioni akamtumia mama wa familia ile ujumbe wa maneno mawili: "¿Te gusto?" Alitaka kujua kama safari imempendeza. Yule mama akajibu kwa vikatuni vya kucheka, kisha akaandika: "¿Tú o el safari?" Yaani, wewe au safari?

Kilichokosekana ni kialama kimoja juu ya herufi o. "¿Te gustó?" ni "ilikupendeza?" Bila kile kialama, "¿te gusto?" ni "mimi nakupendeza?", na mtu mzima akimwandikia hivyo mama wa watu jioni, maana yake inajulikana. Rafiki yangu aliapa kwamba hakuwa na nia mbaya, naye hakuwa nayo. Ila alikuwa amekariri kwamba "gustar" maana yake ni kupenda, na hapo ndipo shida yote inapoanzia.

"Gustar" si kupenda. Ni kupendeza. Ukisema "ninapenda kahawa", mwenye kitenzi ni wewe: ile "ni-" ya mwanzo ni yako, na kahawa imekaa pembeni ikipendwa. Ukisema "kahawa inanipendeza", mambo yamegeuka. Sasa kitenzi ni cha kahawa, ndiyo maana kinaanza na "i-", na wewe umesukumwa ndani ukawa "-ni-". Kihispania kinapotaka kusema jambo hili hutumia njia hii ya pili: "Me gusta el café". "Me" ni ile "-ni-", "gusta" ni kupendeza kwa kitu kimoja, na "el café" ndiyo kiima, yaani kile ambacho kitenzi kinakifuata.

Wanaoanza hushtuka kwa sababu ya mpangilio. Wanaona "me" imetangulia na "el café" iko mkiani, wanadhani wa kwanza ndiye mtendaji. Lakini Mswahili ana sentensi anayoitamka tangu utotoni iliyojengwa vilevile: kinaniuma kichwa. Hatusemi "ninauma kichwa", kwani hapo wewe ndiye ungekuwa unakitia meno. Kichwa ndicho kinachouma, wewe unaumwa. Kihispania ni "me duele la cabeza": "me" ni "-ni-", "duele" ni "kinauma", "la cabeza" ni kichwa. Hata mpangilio ni uleule. Wala huhitaji kusema kichwa "changu". Wao husema "la cabeza" tu, na "me" inatosha kuonyesha ni cha nani, kama ambavyo "kichwa kinaniuma" haimfanyi mtu aulize kichwa cha nani.

Sasa fanya miguu iume. Sisi tunabadili "kinaniuma" kuwa "inaniuma", kwa sababu miguu haiko ngeli moja na kichwa. Wahispania hawana ngeli zetu, lakini wana umoja na wingi: "me duelen los pies". "Duele" imekuwa "duelen" kwa sababu miguu ni miwili. Mwenye maumivu bado ni mmoja, na "me" haikuguswa. Ukilielewa hilo umeielewa "gustar": "me gusta el libro" kwa kitabu kimoja, "me gustan los libros" kwa vitabu vingi. Anayependezwa hana mamlaka yoyote juu ya mwisho wa kitenzi.

Mamlaka yake yako kwenye kile kineno cha mbele. "Me" ni "-ni-", "te" ni "-ku-", "le" ni "-m-", "nos" ni "-tu-", "les" ni "-wa-". Hispania wana na "os" kwa ninyi mliozoeana nao, ila Amerika ya Kusini hawaitumii, huko ninyi nyote ni "les". Nasi "inawapendeza" yetu inaweza kuwa ninyi au wao, kwa hiyo hakuna cha kulalamikia. Kumbuka tu kwamba mtu unayemheshimu, yule wa "usted", huchukua "le" na si "te".

Tuchukue sentensi ya kazini kwa rafiki yangu: "watalii wanapenda simba". Kwanza igeuze iwe ya kupendeza: "simba wanawapendeza watalii". Tazama kitenzi hicho kwa makini, kina "wa" mbili. Ya kwanza ni ya simba, ya pili ni ya watalii. Kihispania huzitenganisha waziwazi. "Wa" ya simba inakwenda mwishoni mwa kitenzi: "gustan". "Wa" ya watalii inasimama peke yake mbele: "les". Tunapata "les gustan los leones". Halafu tunawataja watalii wenyewe, na lazima watanguliwe na "a": "A los turistas les gustan los leones".

Sasa ichezee. Mtalii akiwa mmoja: "Al turista le gustan los leones". Kilichobadilika ni upande wake tu, "les" imekuwa "le" (na "a el" hufupishwa kuwa "al"). Kitenzi kimebaki "gustan" kwa sababu simba bado ni wengi. Rudisha watalii wote, umpunguze simba abaki mmoja: "A los turistas les gusta el león". Watalii basi zima, na kitenzi kiko katika umoja. Hapa ndipo wengi huanguka, wanaandika "gustan" kwa kuwa macho yao yako kwa watalii. Ukijisahihisha, funika kwa kidole kila kitu kilicho kabla ya kitenzi. Kinachobaki kulia, "gusta el león", ndicho kinachopaswa kukubaliana.

Swali linalofuata huwa lilelile: kama nimeshasema "a los turistas", "les" ya nini tena? Jibu liko kinywani mwako. "Nimemwona Juma": umeshamtaja Juma, na bado "-mw-" imo. Hakuna anayeiona kuwa ni kurudia, na ukisema "nimeona Juma" watu wanakutazama. Kuna hata muundo unaofanana kabisa na wao: "Juma kichwa kinamuuma". Mtu anatajwa kwanza, kisha anarudi ndani ya kitenzi. "A Juma le duele la cabeza". Tofauti iliyopo ni ile "a", na ndiyo watu wetu huisahau, wakaandika "Juma le duele la cabeza". Kwetu Juma anasimama bila kihusishi, kwao hawezi. Kwa hiyo pia, mtu akisema "me gusta el café" nawe ukitaka kusema "mimi pia", jibu ni "a mí también", si "yo también".

Kuna kosa jingine linalotokana na kutaka kujaza nafasi. Mtu anaulizwa "¿Te gusta el café?" naye anajibu "sí, lo gusto", akitafuta pa kuiweka kahawa. Haina haja ya kuwekwa. Sisi tukisema "inanipendeza", kahawa tayari imo kwenye "i-". Wao wakisema "me gusta", imo kwenye "gusta". Jibu ni "sí, me gusta", basi. Ila kahawa ikitajwa kwa jina, isitembee uchi: ni "me gusta el café", si "me gusta café".

Kinachopendeza kikiwa ni tendo, kitenzi hubaki katika umoja hata matendo yawe mawili: "me gusta comer y dormir". Kwetu nako "kula na kulala kunanipendeza", "ku-" moja inabeba yote.

Na je, kiima lazima kikae mwisho? Hapana. "El café me gusta" ni sahihi, ila ina ladha ya kulinganisha, kama kusema "kahawa, hiyo inanipendeza" huku chai ikiwa na kesi yake. Kwa mazungumzo ya kawaida kiache mwisho.

Ukishauzoea mtindo huu utagundua "gustar" ina ndugu wengi, na karibu wote wana pacha wao kwetu. "Me quedan tres días" ni zimenibakia siku tatu. Kitenzi hichohicho kikihusu nguo, "me queda bien la camisa", ni shati limenikaa vizuri, na ninakiri nilipokutana nacho mara ya kwanza nilicheka kwa furaha. "Me faltan dos euros": zimenipungua euro mbili. "Me molesta el ruido": kelele zinanikera. "Me interesa la historia": historia inanivutia. "Me encanta" ni kupendeza kuliko kawaida, nayo haihitaji kuongezewa "mucho", kwa sababu wingi umeshamo.

Si kila penzi linapita njia hii. "Querer" na "amar" huenda kama "kupenda" yetu: "te quiero" ni ninakupenda, mwenye kitenzi ni mimi. Na "gustar" ikiwa baina ya watu ishike kwa tahadhari. "Me gustas" si kwamba wewe ni mtu mwema, ni kwamba unanivutia kimapenzi. Ukitaka tu kusema mtu fulani mnaelewana naye vizuri, tumia "me caes bien", ambayo nayo imejengwa vilevile: "me" ndiyo mimi, na "caes" ni yako wewe.

Ndiyo maana yule mama alicheka. Katika "gusto" mwisho ule wa "-o" ni wa "yo", mimi, kwa hiyo kinachopendeza ni mwandishi mwenyewe. "Gustó" ni ya nafsi ya tatu, na kwa wakati uliopita. Vitu vikiwa vingi ni "gustaron". Siku hizi rafiki yangu hakiachi kitenzi peke yake kwenye ujumbe. Huandika "¿Le gustó el safari? ¿Le gustaron los leones?" na hata simu ikimnyima ile alama juu ya o, "el safari" iko pale pale, na mteja anajua anaulizwa habari za nani.