Wiki mbili bila jibu: kuulizia kotesheni bila kumbana mteja

Katika biashara ya vitanda vya chuma kwa shule za bweni, ambayo ndiyo kazi yangu hapa Dar es Salaam, kotesheni nyingi hutoka Oktoba na Novemba, kwa kuwa shule hutaka vitanda viwe mabwenini kabla wanafunzi hawajaripoti Januari. Huo ndio msimu ambao muuzaji hutuma bei, akaambiwa "tutakujulisha", kisha zikapita wiki mbili bila simu wala barua pepe. Wauzaji wengi wakifika hapo hufanya moja kati ya mambo mawili: ama hunyamaza kwa kuona aibu, ama huanza kupiga simu kila siku.

Ukimya wa wiki mbili kwa mteja wa taasisi mara nyingi hauna maana ya kukataa. Shule binafsi, kwa mfano, hukusanya kwa kawaida kotesheni tatu kabla ya kuamua, na aliyekuomba bei si lazima awe ndiye mwenye kalamu ya kuidhinisha. Mhasibu huandaa jedwali la kulinganisha bei, mkuu wa shule hulipitia, halafu mmiliki au bodi huidhinisha, na yeyote kati yao akisafiri faili hukaa mezani. Kumwuliza mhasibu "mbona kimya?" katika hali hiyo ni kumtaka ajieleze kwa jambo lisilo mikononi mwake, naye atakachofanya ni kuacha kupokea simu yako.

Kwa hiyo ujumbe mzuri wa kuulizia ni ule ambao mhasibu anaweza kuujibu bila kuomba ruhusa ya mtu, na ambao akiupeleka kwa mkuu wake utaeleweka bila maelezo ya ziada. Tuchukue kotesheni ya vitanda 60 vya ghorofa kwa shule iliyoko Morogoro, iliyotumwa tarehe 4 Novemba na kupewa muda wa siku 30. Kila kitanda ni shilingi 280,000, jumla ni 16,800,000, na ukiongeza VAT ya asilimia 18, yaani 3,024,000, unapata 19,824,000. Usafiri hadi shuleni umo ndani ya bei. Tarehe 18 Novemba ningeandika hivi, nikijibu kwenye barua pepe ileile ya mwanzo ili mazungumzo yote yabaki mahali pamoja:

"Ndugu Mhasibu, habari za kazi. Narejea kotesheni yetu ya tarehe 4 Novemba ya vitanda 60 vya ghorofa, ambayo nimeiambatisha tena ili usipate shida ya kuitafuta. Jumla yake ni shilingi 19,824,000, pamoja na VAT na usafiri hadi shuleni. Naomba kufahamu kama ilikufikia, na kama kuna kipengele ambacho ninyi au uongozi mngependa kifafanuliwe au kibadilishwe. Bei hii ni halali hadi tarehe 4 Desemba, na utengenezaji huchukua wiki tatu tangu tupokee LPO. Iwapo ununuzi umeahirishwa, au mmepata kwingine, nitashukuru kujulishwa hata kwa neno moja. Wako katika kazi."

Sentensi ya kuuliza kama kotesheni ilifika si ya adabu tu. Viambatisho huangukia kwenye kisanduku cha barua taka, na wakati mwingine aliyeomba bei alikupa anwani ya ofisi ambayo haifunguliwi na mtu. Swali hilo pia humpa mteja njia ya heshima ya kurudi kwenye mazungumzo, kwa kuwa anaweza kusema tu kwamba imefika na inashughulikiwa, bila kulazimika kuomba radhi kwa kuchelewa.

Tarehe ya mwisho wa bei inahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu hapo ndipo taarifa hugeuka kuwa shinikizo. Nikitaja tarehe 4 Desemba, naitaja kwa sababu imo katika kotesheni tangu siku ya kwanza na kwa sababu wiki tatu za karakana kuanzia hapo zinaishia Krismasi, hivyo anayetaka vitanda kabla ya Januari anaweza kupiga hesabu mwenyewe. Kuandika kwamba bei itapanda wiki ijayo, wakati karakana ina mabomba ya kutosha ghalani, ni uongo ambao mteja ataubaini atakaporudi mwezi unaofuata na kukuta bei ileile. Vivyo hivyo, sishauri kutoa punguzo ambalo halijaombwa. Mhasibu aliyekuwa tayari kupeleka 19,824,000 kwa bodi, akipokea ghafla bei ya chini, atajiuliza ile ya kwanza ilikuwa ya nini, na pengine atasubiri ishuke tena.

Sentensi ya mwisho, ile inayomruhusu mteja kukataa, ndiyo ambayo wauzaji wapya huiogopa. Kwa maoni yangu ndiyo inayoleta majibu mengi, maana kwetu watu huona haya kumwambia mtu "hapana" usoni na huona afadhali kunyamaza.

Katika kesi ya namna hii, jibu linaweza kuja kwamba karakana nyingine imetoa bei ya 17,700,000. Kabla ya kugusa bei yako, uliza kwa upole kama kiasi hicho kina VAT na usafiri, na unene wa bomba ni upi, bila kumsema vibaya mwenzako. Mara nyingi chini ya karatasi ile kuna maneno madogo "bei haina VAT". Ukiongeza asilimia 18 inakuwa 20,886,000, na gari la Morogoro bado halijahesabiwa. Huduma ya elimu imesamehewa VAT, kwa hiyo shule haina namna ya kuirudisha kodi iliyolipa kwenye vitanda. Ni gharama yake halisi. Lakini kama mwenzako hajasajiliwa kwa VAT, bei yake ni hiyohiyo 17,700,000, na hapo ubishani wa kodi haukusaidii. Kinachobaki ni kulinganisha bomba na usafiri.

Kuhusu WhatsApp, kama mazungumzo yalianzia huko ni sawa kuulizia huko, kwa ufupi, saa za kazi. Usitaje kwamba umeona tiki mbili za bluu, kwani hakuna anayependa kuambiwa kuwa anachunguzwa. Mimi huepuka mwisho wa mwezi, wakati mhasibu yuko kwenye mishahara, na mchana wa Ijumaa.

Ikipita wiki nyingine bila jibu, simu moja inatosha, tena ya dakika mbili: "Shikamoo mama, samahani kwa usumbufu, naulizia tu ile barua ya vitanda, nikupigie siku gani itakayokufaa?" Siku atakayotaja ndiyo utakayopiga, si kabla yake. Asipopokea, usirudie mara tatu mfululizo, wala usimruke kwenda kwa mkuu wa shule, kwa kuwa hata ukifanikiwa safari hii, mhasibu ndiye atakayeandaa jedwali la mwaka ujao.

Tarehe 4 Desemba ikifika kimya, tuma ujumbe wa mwisho ukieleza kwamba muda wa kotesheni umekwisha, kwamba unaifunga kwa sasa, na kwamba wakihitaji utatoa mpya kwa bei ya siku hiyo. Andika kwenye daftari lako jina la shule, idadi na ukubwa wa vitanda, kisha waulizie tena karibu na Julai, wanapopokea kidato cha tano.