Tahadhari isiyopokelewa: dhana potofu kuhusu kumwamsha mtu wa pili

Dhana: Tahadhari ya mfumo isipopokelewa na mtu wa kwanza wa zamu, tukiweka dakika 5 kabla ya kuihamishia kwa wa pili, wa kwanza amepata muda wa kuamka.

Ukweli ni kwamba saa ya timu inayohesabu dakika hizo haijui simu ya mtu imefanya nini. Kanuni ya timu huamua tahadhari ihame lini, lakini kila mtu wa zamu hujipangia mwenyewe namna ya kutafutwa. Mipango hii miwili isipolingana, kanuni inafanya kazi sawasawa na bado hakuna anayeamka.

Tuseme diski ya hifadhidata imevuka kikomo saa 8:10 usiku. Mfumo unataka hali idumu dakika 5 kwanza, kwa hiyo tahadhari inatoka 8:15. Wa kwanza amejipangia ujumbe wa programu papo hapo, SMS baada ya dakika 5, kupigiwa simu baada ya dakika 10. Anapata mlio mmoja mfupi, anaendelea kulala. Saa 8:20 tahadhari inahama, na kwa kawaida hatua zake zilizobaki hufutwa palepale. Wa pili, ambaye ndiye wa mwisho kwenye orodha, amejipangia vilevile. Simu ya kwanza kuita kweli inaita 8:30, dakika 20 tangu tatizo lianze.

Dawa yake ni kila mtu kupigiwa simu tangu dakika ya 0, kisha tena dakika ya 2. Simu ya pili ina sababu: kwenye iPhone, mpangilio wa kuruhusu simu za kurudia ukiwashwa, namba ileile ikipiga tena ndani ya dakika 3 hupenya hali ya kutosumbuliwa. Ukitaka kujua kama timu yako ina kasoro hii, fungua kumbukumbu za tahadhari zilizohamia kwa wa pili uangalie kama wa kwanza aliwahi kupigiwa.

Dhana: Alertmanager, programu ya Prometheus ya kutuma tahadhari, inarudia kutuma, basi inatosha.

Inarudia, ndiyo, lakini kwa mpokeaji yuleyule. Usipobadilisha mpangilio, inarudia kila baada ya saa 4:

```
repeat_interval: 4h
```

Alertmanager haina kitufe cha kukiri kupokea, kwa hiyo haiwezi kujua kwamba hujajibu. Kazi ya kuhamisha lazima ifanywe na mfumo wa zamu ulio nyuma yake.

Dhana: Mtu akishabonyeza kupokea, kuna anayeshughulikia.

Hii ndiyo inayonitia hofu zaidi. Kubonyeza kunasimamisha saa, na mtu aliye nusu usingizini anaweza kubonyeza akalala tena, huku wa pili hatafutwi kamwe. Kukiri huko nako kupewe ukomo, kwa mfano dakika 30. Muda ukiisha kabla tatizo halijafungwa, tahadhari irudi kuwa haijapokelewa na hesabu ya kuhama ianze upya. Anayeshughulikia kweli atakiri mara ya pili kwa sekunde chache tu.